Somo la 27: Shati linalopumua

Kindu ni mji wa Maniema, kando ya mto Lualaba. Inchi yake ni ya chini, msitu u karibu, mvua ni nyingi, na hewa imejaa maji. Bukavu ni mji wa vilima, kando ya ziwa Kivu, kadiri ya metre 1500 juu ya bahari. Huko asubuhi watu huvaa triko ya sufu, wala hakuna anayewacheka.

Kijana mmoja wa miaka 11 alitoka Bukavu akaenda Kindu kukaa kwa mama yake mdogo na kusoma huko. Katika sanduku lake alikuwa na shati moja alilolipenda kuliko nguo zote. Lilikuwa jipya, rangi ya buluu nzito karibu na nyeusi, lenye kung'aa kidogo, kola ngumu, vifungo mpaka shingoni, nalo lilimbana vizuri kifuani. Lilishonwa kwa kitambaa cha poliesta. Siku ya sikukuu ya shule alilivaa, akaliingiza ndani ya kapitula, akafunga mkanda, akasimama mstarini pamoja na wenzake. Jua lilikuwa kali, lakini si kali kuliko la Bukavu. Hata hivyo, kabla ya saa nne jasho lilimtiririka mgongoni mpaka mkandani. Kichwa kikauma, macho yakaona giza, akachutama. Mwalimu akamwongoza kivulini, akamfungua vifungo, akampa maji, mwenzake akampepea kwa daftari. Baada ya muda akapata nguvu.

Jioni alimwambia mama yake mdogo: «Mama, sikuelewa. Jasho lilitoka jingi sana. Mwalimu alitufundisha kwamba jasho hupoza mwili. Mbona mimi sikupoa?»

Mama yule alikuwa mshonaji. Alilishika lile shati, akalitia mdomoni, akapuliza. Mashavu yake yakavimba, pumzi isipite. Akasema: «Mwanangu, ulitoa jasho, lakini shati hili halikuliacha liende. Halipumui.»

Watoto, tutazame sasa maana ya neno hilo.

Lambeni mgongo wa mkono wenu, kisha mpulize polepole juu yake. Mahali penye maji mnasikia baridi. Pumzi yenu si baridi; ni maji yanayokauka ndiyo yanayochukua joto la ngozi na kwenda nalo hewani. Joto hilo si dogo. Litre moja ya jasho ikikauka mwilini inachukua joto linalotosha kuchemsha zaidi ya litre 7 za maji ya mtungini. Lakini angalieni vema: jasho linalodondoka chini halikupozi, na jasho linalonywewa na mkanda halikupozi. Jasho linalokauka juu yako, hilo tu ndilo linalokupoza. Kijana wetu alipoteza maji mengi pasipo faida yoyote.

Katika inchi kavu, jasho hukauka upesi hata mtu asijue kwamba anatoa jasho. Katika inchi kama Kindu, hewa imekwisha kunywa maji mengi, haina tena kiu. Hewa iliyo karibu na ngozi inashiba mara moja, na ikikaa pale pale chini ya nguo, jasho haliendi popote. Dawa yake ni moja: hewa iliyoshiba iondoke, na hewa nyingine ije mahali pake. Kwa hiyo nguo ya inchi ya joto na maji si ile iliyo nyepesi mkononi tu. Ni ile inayoacha hewa kuingia na kutoka, kwa matundu ya kitambaa, na kwa milango ya nguo yenyewe, ndiyo shingo, mikono na pindo la chini.

Kwanza tutazame kitambaa. Mmeona jinsi ya kusuka mkeka: ukili mmoja unapita juu, mwingine chini. Kitambaa ni vilevile. Nyuzi zilizotandwa kwa urefu zinaitwa mtande. Nyuzi zinazopita kati yake kwa upana zinaitwa mshindio. Kati ya mtande na mshindio hubaki tundu dogo. Kitambaa kilichobanwa sana, nyuzi zinasongamana kama watu mlangoni. Kitambaa kilicholegea, kila uzi una nafasi yake, na tundu linaonekana.

Mama yule alimchukua kijana mpaka dirishani akamwonyesha vitambaa viwili. Kimoja ni kipande cha lile shati la buluu. Alikiinua mbele ya nuru. Kikawa kama ubao, hakuna kitu kilichopita. Kingine kilikuwa pamba, rangi ya maziwa yaliyokaa, bila kung'aa. Alipokiinua, nuru ilipita kwa matone madogo madogo, na kijana aliona mkono wa mama yake kama kivuli nyuma yake. Ukikitazama karibu unaona nyuzi hazilingani sana. Mmoja mnene kidogo, mwingine mwembamba. Ukikipapasa ni kikavu, kama karatasi iliyochoka. Ukikipuliza, pumzi inatokea upande wa pili na kugusa kiganja.

Kisha akachukua sindano, akaweka rula, akamfundisha kuhesabu. Katika sentimetre moja ya kile cha pamba walihesabu nyuzi karibu 20. Katika kile cha buluu walifika 40, kisha macho yakachoka. Si lazima mhesabu kila mara, lakini mkifanya hivyo mara moja, jicho litajua siku zote.

Uzi nao una tabia yake. Uzi uliosokotwa kwa nguvu ni mwembamba na mgumu. Haujazi tundu, wala haushikamani na ngozi yenye jasho. Uzi uliosokotwa kidogo tu una manyoya; manyoya hayo yanaziba matundu na kukamata joto. Ndiyo sababu flanele, ingawa ni pamba, huvaliwa mlimani, haifai mtoni. Watu husema: «Nunua pamba, utapoa.» Hilo ni kweli nusu. Pamba hunywa jasho, na poliesta hainywi, kweli. Lakini pamba nene ya kazi, kama ile ya patalo za mafundi, ikilowa asubuhi yaweza kukaa na maji mpaka jioni, nayo inakuwa mzigo. Mimi ningechagua kitambaa chembamba chenye matundu hata kama kina uzi kidogo wa poliesta ndani yake, kuliko pamba nene iliyobanwa kama turubai.

Jambo moja huwadanganya wanunuzi wengi sokoni. Kitambaa kipya mara nyingi kimetiwa wanga ili kionekane kigumu na kizuri. Wanga huo umeziba matundu. Kikipimwa kwa pumzi dukani, kitaonekana kibaya kuliko kilivyo. Au kinyume chake, kitaonekana kimeshikana vizuri, na kikifuliwa kinakuwa kama chandarua, na nyuzi zinateleza kwenye mshono. Sugueni pembe moja kati ya vidole viwili. Unga mweupe ukitoka, mjue ni wanga. Kisha vuteni kitambaa kwa mikono miwili, pande mbili. Nyuzi zikiachana na kuacha njia tupu isiyorudi, kitambaa hicho kimelegea kupita kiasi, mshono hautashika.

Sasa rangi. Hapa watoto wengi hujibu upesi: «Nyeupe hufukuza jua, nyeusi hulikamata.» Ni kweli, nanyi mwaweza kujipimia. Chukueni vipande viwili vya kitambaa namna moja, kimoja cheupe, kimoja cheusi, viwekeni juani juu ya ubao kwa nusu saa, kisha wekeni kiganja juu ya kila kimoja. Cheusi kitakuwa na moto mkononi. Fanyeni tena jambo lilo hilo kivulini: hamtasikia tofauti. Kwa hiyo rangi ni kazi ya jua tu. Mtu anayefanya kazi ndani ya nyumba au chini ya miti ya msitu, rangi ya nguo yake haimsaidii wala kumdhuru sana.

Tena kuna jambo la ajabu. Katika jangwa la Negevi, Waarabu wa jangwani, wanaoitwa Wabedui, huvaa kanzu pana nyeusi. Wataalamu walijiuliza sababu, na mwaka 1980 walitangaza vipimo vyao. Kanzu nyeusi ilikamata joto zaidi kuliko nyeupe, ndiyo, lakini joto lile halikufika mwilini. Lilichukuliwa na hewa iliyopita kati ya kanzu na ngozi, kwa sababu kanzu ni pana na upepo upo. Mtu mwenye kanzu nyeusi hakupata joto zaidi ya mwenye kanzu nyeupe. Mnaona basi kwamba upana una nguvu kuliko rangi. Lakini Kindu si jangwa. Upepo wetu ni mdogo, na hewa yetu imeshiba maji. Kwetu hatuna joto la kuchezea. Tuchukue upana, na rangi nyepesi pia.

Rangi nyepesi si nyeupe tu. Rangi ya maziwa, ya mchanga, ya majani machanga, buluu kama ya mbingu asubuhi, zote zafaa. Pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha ina rangi yake ya asili, kama ganda la yai, nayo haionyeshi uchafu upesi kama nyeupe kabisa. Akina mama wanaofua kila siku wanajua thamani ya jambo hilo.

Lakini kitambaa chembamba cheupe kina upungufu wake, nasi tusiufiche. Kikilowa mvua au jasho, mwili unaonekana. Kwa hiyo wasichana na wanawake hukata kifua kwa kitambaa cha tabaka mbili na kuacha mgongo na mikono tabaka moja, au huchagua kikwembe chenye maua, maana maua huficha. Tena nuru ikipita, jua nalo linapita kidogo. Kwa watu wengi wa kwetu, ngozi yao nyeusi inawakinga. Kwa mtoto mwenye ualbino si hivyo: jua linachoma ngozi yake na kuleta vidonda vibaya baada ya miaka. Yeye ashonewe nguo ya mikono mirefu, ya kitambaa kilichobana zaidi, lakini pana sana ili hewa ipite chini yake, na kofia yenye ukingo mpana. Katika habari hii upana unachukua kazi ambayo matundu hayawezi kuifanya.

Sasa twende kwenye mashine ya kushona, maana hapo ndipo nguo hupona au hufa.

Mama mdogo aliazimia kumshonea kijana shati jipya. Alinunua metre moja na nusu ya ile pamba, upana wake sentimetre 90. Kijana alitaka akate siku ile ile. Mama akakataa. Alikitia kitambaa ndani ya maji ya moto usiku mzima, akakifua kwa sabuni, akakianika, akakipiga pasi. Kisha akampa kijana utepe wa kupimia. Sentimetre 150 za urefu zilikuwa zimebaki 142. «Hizo 8 zimekwenda wapi?» aliuliza kijana. Hazikwenda popote, nyuzi zilikuwa zimevutwa kiwandani, nazo zikipata maji zinarudi kulala kama zilivyozoea. Jirani mmoja hakutaka kungoja. Alimkatia mtoto wake shati kwa kitambaa kisichofuliwa, likamfaa vizuri sana siku ya kwanza. Baada ya kufuliwa mara mbili likambana kwapani, mshono ukapasuka, na kitambaa kizuri kikawa cha kufutia meza.

Kisha alimpima kijana. Kifua chake kilikuwa sentimetre 68 kuzunguka. Fundi wa mjini angeongeza 8 hivi, na shati lingekaa karibu na mwili. Mama aliongeza 20, zikawa 88. Hizo 20 ndizo nyumba ya hewa. Nusu ya 88 ni 44. Basi upande wa mbele una upana wa 44, na wa nyuma 44. Kwa mshono aliongeza 2 kila upande, zikawa 48. Urefu kutoka begani mpaka pindo ulikuwa 58, na 4 za kukunja, zikawa 62.

Hakukata mbele na nyuma mbali mbali. Alikata kipande kimoja kirefu, sentimetre 124 kwa 48, akakikunja katikati begani, kwa hiyo begani hapana mshono. Mahali pa mshono kitambaa ni cha tabaka tatu au nne, hakipumui, na bega ndilo linalobeba jua la mchana. Kando ya kipande hicho kulibaki ukanda mrefu wenye upana wa 39 hivi. Humo alipata mikono miwili: kila mmoja 48 kwa 24. Maana tundu la mkono aliliacha pana, sentimetre 22 kutoka begani kushuka chini. Ukizunguka mbele na nyuma ni 44, na 4 za mshono. Mabaki yalitosha kitambaa cha kupiga shingo kwa ndani na mfuko mdogo.

Kola hakuweka. Alikata shingo ya mviringo, akaipasua mbele sentimetre 12, bila kifungo. Kijana alihuzunika kidogo, kwa sababu kola ni heshima. Mama alimwambia: «Ukipika na kufunika chungu, mvuke unakwenda wapi?» Hewa ya moto hupanda. Ikiwa shingo imefungwa, hewa iliyopata joto mgongoni na kifuani haina mlango wa kutokea. Ikiwa shingo i wazi, inatoka pale, na hewa nyingine inaingia kwa chini. Ndiyo sababu pindo la chini nalo huachwa nje, haliingizwi ndani ya kapitula. Mama alipasua kila ubavu sentimetre 8 kwa chini, ili pindo licheze. Mtu akitembea, kitambaa kinakwenda na kurudi, na kila hatua inasukuma hewa kama mvukuto wa mhunzi. Aliyefunga mkanda juu ya shati amefunga mvukuto.

Nyuma, chini ya shingo, aliweka rinda moja. Kazi yake si urembo. Kati ya mabega ndipo shati hushikamana kwanza. Kitambaa kikigusa ngozi yenye jasho kinalowa, matundu yanajaa maji, na maji ndani ya tundu huzuia hewa kama nta. Rinda humpa mtu nafasi ya kuinama na kunyosha mikono bila kuvuta kitambaa juu ya mgongo.

Mababu wa Kasayi walijua jambo hili kwa njia nyingine. Wakuba na jirani zao walifuma nguo kwa nyuzi za majani ya mwale. Kitambaa hicho hakilali juu ya ngozi kama pamba laini. Husimama mbali kidogo, na hewa hupita chini yake. Wanaume ndio waliofuma, na kwa Wakuba wanawake waliongeza nakshi kwa sindano. Leo nguo hizo huvaliwa hasa siku za sherehe na maziko.

Shati lilipokwisha, mama hakusema «Limekwisha.» Alisema: «Nenda mpaka mtoni, urudi mbio.» Kijana aliporudi, alimgeuza na kumtazama mgongo. Palikuwa na doa la maji dogo kama kiganja kati ya mabega, na kitambaa hakikushikamana. Alimwambia ainue mikono: shati lilipanda kidogo, lakini halikuvuta kwapani. Alikamata kitambaa ubavuni: akapata mkunjo wa kujaa mkono. Hivyo ndivyo anavyopima mshonaji. Kama doa lingekuwa kubwa, limebandika tangu shingo mpaka kiunoni, angejua kwamba nafasi haitoshi. Kama doa lingekuwa kwapani tu, na mshono umelowa, angejua kwamba tundu la mkono ni dogo.

Katika nyumba ile palikuwa na mtoto mchanga wa miezi 5. Bibi yake alimpenda sana, akamvika gauni la nailoni na kofia ya sufu, kwa kuogopa baridi. Shingoni, kwapani na mgongoni mwake palitokea vipele vidogo vyekundu, akawa analia usiku. Vipele hivyo vinaitwa harara. Jasho halikupata kutoka. Vijitundu vya ngozi vimeziba, na jasho linabaki chini ya ngozi na kuiwasha. Bibi alitaka kumpaka mafuta mazito ya mawese. Mama akamwomba kwa adabu asipake, maana mafuta yanaziba zaidi. Walimvua mtoto, wakamwosha kwa maji safi ya baridi kidogo, wakamkausha polepole, hasa kwenye mikunjo ya shingo, wakamwacha na kitambaa kimoja cha pamba iliyochakaa. Pamba iliyofuliwa miaka mingi ndiyo nzuri kwa watoto: imelegea na haikwaruzi. Baada ya siku chache vipele vikafifia. Kama vingetoa usaha, au mtoto angepata homa, wangempeleka kwa mganga wa dispensari bila kungoja.

Tena neno juu ya kijana aliyechutama mstarini. Yeye alikuwa na akili zake, alijibu alipoulizwa, na alipoa upesi. Lakini mtu akipigwa na joto hata maneno yake yakachanganyika, au akaanguka na kuzimia, hiyo ni hatari ya kufa. Mwiteni mtu mzima mara moja. Apelekwe kivulini, afunguliwe nguo, alowanishwe mwili mzima kwa maji na kupepewa bila kuacha, hata njiani kwenda hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe maji, asije akapaliwa.

Jua likizama, mbu wanatoka. Hapo shati jepesi linaonekana kuwa na kosa, kwa maana mbu anaweza kuuma kupitia kitambaa chembamba kilichobana ngozi. Akikuta kitambaa kiko mbali na ngozi, mdomo wake haufiki. Kwa hiyo jioni vaeni mikono mirefu na patalo ndefu, lakini pana vilevile, na usiku mlale ndani ya chandarua.

Bado kufua. Kitambaa kilicholegea kina sifa hii njema: hukauka upesi, hata siku ya mawingu. Nguo nene hukaa kambani siku mbili, ikanuka, na kutokeza madoa meusi ya ukungu yasiyotoka tena. Lakini msianike nguo chini kwenye majani, wala kivulini penye mchanga. Katika inchi yetu yuko nzi wa rangi ya manjano na kahawia, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani. Hutaga mayai yake katika mchanga wa kivulini, na pia kwenye nguo zenye unyevu. Nguo ikivaliwa, viini vyake huingia katika ngozi, na baada ya siku kadhaa hutokea jipu lenye mdudu ndani. Mama mdogo huanika juani juu ya kamba, kisha hupiga pasi ya makaa pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono na pindo, maana huko ndiko unyevu hukawia. Nguo za mtoto mchanga hazivalishwi kwake bila pasi hata siku moja.

Na lile shati la buluu? Kijana hakulitupa. Lipo sandukuni, pamoja na triko ya sufu. Atalivaa atakaporudi Bukavu wakati wa likizo, kama bado litamtosha.

Maulizo

1. Jasho la kijana lilikuwa jingi. Kwa nini hakupoa?
2. Eleza maana ya mtande na mshindio. Tundu liko wapi?
3. Chukua kitambaa cha nguo yako. Kiinue mbele ya nuru, kisha kipulize. Sema unavyoona.
4. Kitambaa cha sentimetre 200 kikifuliwa kinabaki 190. Kila sentimetre 100 zimepoteza ngapi?
5. Kifua cha mtoto ni sentimetre 60. Mama anaongeza 20. Upande wa mbele uwe na upana gani, pamoja na sentimetre 2 za mshono kila upande?
6. Kwa nini Wabedui hawaumizwi na kanzu nyeusi? Je, kanzu ile ingefaa Kindu vilevile?

Kazi ya nyumbani. Katika daftari lako chora shati lisilo na kola, lenye shingo iliyopasuliwa na mipasuo ubavuni. Kwa vishale onyesha mahali hewa inapoingia na mahali inapotoka.